Kahawa baada ya kuacha sigara

Kahawa baada ya kuacha sigara huonekana kuwa na nguvu zaidi kuliko ilivyokuwa wakati mtu alipokuwa akivuta. Mtu anayeacha kuvuta, huku akiendelea kunywa vikombe vilevile alivyovizoea, huanza kuona mikono ikitetemeka kidogo, moyo ukienda mbio, na usingizi ukikawia kuja. Kahawa yenyewe haijabadilika. Kilichobadilika ni kasi ambayo ini huvunja kafeini na kuiondoa katika damu. Moshi wa sigara huharakisha kazi hiyo, na moshi ukikoma, kasi hurudi chini katika muda wa siku chache.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu dalili za kafeini iliyozidi zinafanana sana na dalili za kukosa nikotini, zile ambazo mitaani huitwa arosto. Mtu asiyelijua huhesabu kila wasiwasi na kila usiku wa kukesha kuwa ni deni la sigara, na wapo wanaorudi kuvuta kwa sababu hiyo, ilhali sehemu ya taabu yao ingepungua kwa kupunguza kahawa tu.

## Safari ya kafeini mwilini

Kafeini ni kemikali inayopatikana katika buni, majani ya chai, kakao na mbegu za kola. Kikombe kikubwa cha kahawa kina takriban miligramu 100, ingawa kiasi hubadilika sana kulingana na aina ya buni na namna ya kupika. Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera na Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Kikombe cha chai ya rangi kina karibu nusu ya kile cha kahawa.

Ikishanywewa, kafeini huingia katika damu haraka, na kwa kawaida hufikia kilele ndani ya saa moja. Kutoka hapo hufika kwenye ubongo, ambako hukaa mahali pa kemikali nyingine iitwayo adenosini. Adenosini hujikusanya kadiri mtu anavyokuwa macho, na ndiyo inayomletea uzito wa macho na hamu ya kulala. Kafeini huziba vipokezi vyake. Kwa hiyo haimwongezei mtu nguvu mpya, bali humzuia asisikie uchovu alio nao.

Athari hiyo hudumu kadiri kafeini inavyobaki katika damu. Figo haziwezi kuitoa kwa wingi katika mkojo ikiwa bado nzima, hivyo karibu yote hulazimika kupitia kwenye ini kwanza. Huko kazi kubwa hufanywa na kimeng'enya kimoja kinachojulikana kwa jina la CYP1A2. Kimeng'enya hiki huigeuza sehemu kubwa ya kafeini kuwa paraksanthini, na sehemu ndogo kuwa theobromini na theofilini, ambazo nazo huvunjwa zaidi hadi zitoke. Takriban asilimia 95 ya kafeini hupitia mlango huu mmoja. Ndiyo maana chochote kinachogusa CYP1A2 hubadilisha maisha ya mnywaji wa kahawa.

Wanasayansi hupima kasi hii kwa kutumia nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya kafeini iliyomo mwilini huchukua kuondoka. Kwa mtu mzima asiyevuta, nusumaisha huwa karibu saa 5 au 6. Kwa mvutaji huwa karibu saa 3 na nusu. Katika utafiti wa Parsons na Neims uliochapishwa mwaka 1978, wasiovuta walikuwa na wastani wa saa 6.0 na wavutaji saa 3.5. Wastani huo huficha tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, kwani hata miongoni mwa wasiovuta wako wenye nusumaisha ya saa 3 na wako wenye ya saa 7 au zaidi.

## Moshi unavyolichochea ini

Wengi hudhani kwamba nikotini ndiyo inayoharakisha uvunjaji wa kafeini. Si kweli, na kosa hili ndilo linalozaa makosa mengine mengi. Kinachofanya kazi hiyo ni kemikali zinazotokana na kuungua kwa jani la tumbaku, ziitwazo hidrokaboni aromatiki za pete nyingi. Mojawapo inayojulikana zaidi ni benzopirini, ambayo pia ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu. Kemikali hizi huzaliwa popote vitu vyenye asili ya mimea au mafuta vinapoungua bila kumalizika: katika lami ya sigara, katika moshi wa kuni, hata kwenye ukoko mweusi wa nyama choma.

Mvutaji anapovuta, kemikali hizo hupita kwenye mapafu na kuingia katika damu, kisha hufika kwenye seli za ini. Ndani ya seli zipo protini zinazoelea zikisubiri wageni wa namna hii. Protini hiyo ni kipokezi kiitwacho AhR. Benzopirini ikishikamana nayo, viwili hivyo huingia pamoja katika kiini cha seli, hujiunga na protini nyingine, na kukamata sehemu maalumu ya DNA. Pale ndipo amri hutolewa: jeni la CYP1A2 lifanye kazi kwa nguvu zaidi. Seli hutengeneza vimeng'enya vingi kuliko kawaida.

Kwa upande wa mwili, huu ni ulinzi. Ini limeona sumu zinaingia kila siku na limeongeza wafanyakazi wa kuziondoa. Lakini wafanyakazi hao hawachagui mzigo. Ni kama makuli walioajiriwa bandarini kwa ajili ya meli moja kubwa: wakiwa pale, hubeba na mizigo ya majahazi madogo inayopita. Kafeini ni jahazi dogo. Haikuwa sababu ya kuajiriwa kwao, ila inafaidi, au inaponzwa, na wingi wao.

Hii ndiyo sababu mojawapo inayofanya wavutaji wengi wanywe kahawa nyingi kuliko wenzao. Kikombe cha asubuhi huisha upesi, nao hutafuta kingine. Mazoea nayo yana nafasi yake, kwa maana sigara na kahawa huenda pamoja barazani, kazini na baada ya chakula, lakini ini pia limechangia.

## Siku za kwanza baada ya kuacha

Moshi ukikoma, amri ya kuongeza vimeng'enya hukoma pia. Hata hivyo vile vilivyokwisha kutengenezwa haviondoki siku hiyohiyo. Kimeng'enya ni protini, na kila protini ya mwili ina muda wake wa kuchakaa na kubomolewa. Makuli hawafukuzwi kwa pamoja, ila kila anayemaliza mkataba hapewi mwingine.

Mwaka 2004 watafiti Faber na Fuhr wa Ujerumani walichapisha vipimo vya wavutaji 12 waliokuwa wakivuta sigara 20 au zaidi kwa siku, ambao waliacha ghafla. Uwezo wao wa kuondoa kafeini ulishuka kwa takriban asilimia 36. Nusu ya mshuko huo ilitimia baada ya saa 39 hivi, yaani siku moja na nusu na kitu. Kwa hesabu hiyo, ifikapo siku ya nne zaidi ya robo tatu ya badiliko imeshapita, na baada ya wiki moja ini linafanya kazi karibu sawa na la mtu ambaye hakuvuta kamwe.

Siku hizihizi ndizo ambazo arosto ya nikotini huwa kali kuliko zote. Kwa kawaida dalili zake huanza ndani ya siku ya kwanza, hupanda katika siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua polepole kwa wiki kadhaa. Basi mambo mawili hukutana njiani: nikotini inaondoka na kafeini inapanda, na yote mawili huleta wasiwasi, hasira za karibu na kukosa usingizi. Ni bahati mbaya ya kalenda tu, lakini imewapoteza wengi.

Tofauti ni kwamba arosto huisha, na badiliko la kafeini halirudi nyuma. Neal Benowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha mwaka 1989 kwamba watu walioacha sigara na kuendelea kunywa kahawa kama kawaida yao walikuwa na kafeini katika damu karibu mara mbili ya awali, na hali hiyo iliendelea kwa muda wote wa miezi sita waliyofuatiliwa. Mtu anayesema kwamba bado halali vizuri miezi miwili baada ya kuacha sigara, na kuilaumu sigara kwa hilo, angefaa kuvihesabu vikombe vyake.

## Mfano wa vikombe vinne

Hesabu ya siku moja huonyesha jambo hili vizuri kuliko wastani wa tafiti. Achukuliwe mtu anayekunywa vikombe vinne, kila kimoja chenye miligramu 100 za kafeini: saa moja asubuhi, saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri. Hulala saa nne usiku. Wakati akivuta, nusumaisha yake ilikuwa saa 3.5, na baada ya kuacha imekuwa saa 6.

Alipokuwa akivuta, usiku ulipofika kikombe cha asubuhi kilikuwa karibu kimekwisha, kikiwa kimebaki na miligramu 5 tu. Cha saa nne kilibaki na 9, cha mchana 17, na cha alasiri 30. Jumla yake ni takriban miligramu 62, ambazo ni zaidi ya nusu ya kikombe kidogo tu, na mwili wake ulikuwa umezizoea.

Baada ya kuacha, vikombe vilevile kwa saa zilezile huacha mabaki mengine. Cha asubuhi bado kina miligramu 18, cha saa nne kina 25, cha mchana 35 na cha alasiri 50. Hizo ni 128. Juu yake huongezeka mabaki ya jana, ambayo zamani hayakuwa na uzito wowote, na jumla hufika karibu 137. Mtu huyu anapanda kitandani akiwa na zaidi ya kikombe kizima cha kahawa katika damu yake, ingawa hajaongeza hata tone.

Asubuhi nayo ina habari yake. Mvutaji aliamka akiwa na miligramu 10 hivi zilizosalia. Sasa huamka na karibu 48, yaani nusu kikombe, kabla hata ya kuchemsha maji. Kila kikombe kipya humwagwa juu ya mabaki makubwa kuliko zamani.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulielewa kinyume. Husema kahawa imekuwa kali zaidi, kana kwamba mdundo wa kikombe kimoja ndio umeongezeka. Ukweli ni kwamba kikombe cha kwanza hupanda hadi karibu kilele kilekile kilichokuwa kikifikia, kwa sababu kasi ya kafeini kuingia katika damu haikubadilika. Kilichorefuka ni mkia wake. Madhara basi huonekana zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi, na anayekunywa kikombe kimoja tu baada ya swala ya alfajiri anaweza asione tofauti yoyote.

Mtu wa mfano huu akibaki na vikombe viwili, cha saa moja asubuhi na cha saa saba mchana, ataingia kitandani na miligramu 57 hivi, karibu sawa na zile 62 za wakati wa sigara. Kwa ufupi, nusu ya kahawa yake ya zamani inampa usiku uleule aliouzoea. Hesabu hizi ni za mfano. Nusumaisha ya mtu halisi inaweza kuwa fupi au ndefu zaidi, na kikombe cha nyumbani hakipimwi kwa mizani. Lakini mwelekeo hubaki huohuo.

Katika miji ya pwani, ambako kahawa chungu huuzwa jioni kutoka kwenye madele ya shaba, saa ya kunywa huwa na uzito kuliko idadi ya vijikombe. Mvutaji aliyezoea vijikombe vitatu baada ya swala ya isha na kulala bila shida alikuwa akisaidiwa na moshi wake bila kujua. Akiutumia mwezi wa Ramadhani kuacha sigara kabisa, kama wengi wanavyofanya, huku kahawa yote ikihamia usiku, ataona mabadiliko haya mapema sana.

## Kutofautisha kafeini na arosto

Dalili za pamoja ni wasiwasi, kutotulia, hasira na kukosa usingizi. Kwa hizo peke yake mtu hawezi kujua chanzo ni kipi. Zipo nyingine, hata hivyo, zinazotenganisha.

Nikotini huharakisha mapigo ya moyo, kwa hiyo mtu anayeikosa mapigo yake hupungua kidogo. Hamu ya kula huongezeka, na mawazo ya sigara huja kwa mawimbi, hasa mahali na saa alizokuwa akivuta. Moyo kwenda mbio, vidole kutetemeka, tumbo kuwaka na kwenda haja ndogo mara kwa mara havitokani na kukosa nikotini. Hizo ni alama za kafeini. Tena hufuata vikombe: huja saa moja au mbili baada ya kunywa na hupungua kadiri muda unavyopita, wakati tamaa ya sigara hufuata mazingira na mazoea.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kupunguza kafeini kwa nusu kwa siku tatu au nne na kutazama usingizi na mapigo. Yakitulia, jibu limepatikana. Wanaokata kahawa yote siku ileile ya kuacha sigara hujitafutia taabu ya tatu, kwa sababu kafeini nayo ina arosto yake: kichwa kuuma, usingizi wa mchana na kukosa raha, kuanzia saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho na kuendelea kwa siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki. Kupunguza kwa nusu hakuleti shida hiyo kwa kawaida, maana kama mfano ulivyoonyesha, kiasi kinachobaki katika damu hakipungui sana chini ya kile ambacho mwili ulikizoea.

Kichwa kinachouma kina mtego mwingine. Vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa madukani vina parasetamoli iliyochanganywa na kafeini, na aina moja iliyozoeleka ina miligramu 65 katika kila kidonge. Mtu anayemeza viwili jioni amekunywa zaidi ya kikombe cha kahawa bila kuhisi ladha yake. Anayeacha sigara na kusumbuliwa na kichwa ni bora atumie parasetamoli isiyo na nyongeza hiyo, na asome maandishi ya pakiti kabla ya kununua. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo huhesabiwa: kopo la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicholeta wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mama mjamzito. Mtu wa vikombe vinne katika mfano hakuvuka mpaka huo hata mara moja, na bado hakulala. Mipaka ya jumla haijui mtu fulani alikuwa akivuta hadi juzi.

Haifai pia kuibebesha kahawa kila kitu. Walioacha sigara wengine hawaoni badiliko lolote, ama kwa sababu hunywa kidogo, ama kwa sababu mwili huizoea kafeini iliyozidi baada ya muda. Na tamaa ya sigara yenyewe haiondolewi kwa kupunguza kahawa.

## Nikotini isiyo na moshi

Kwa kuwa kichocheo ni moshi na si nikotini, vibandiko na chingamu za nikotini haviliamshi ini. Anayevitumia huondolewa sehemu kubwa ya arosto, lakini uvunjaji wake wa kafeini hushuka sawasawa na wa yule aliyeacha bila msaada wowote. Akiona mikono inatetemeka, hudhani kibandiko kina nguvu mno, hukibandua, na tamaa humrudia. Kabla ya kubandua angeangalia kikombe kwanza.

Hukumu ni hiyohiyo kwa ugoro na tumbaku ya kutafuna, ambazo haziungui, na kwa sigara za kielektroniki, ambazo huvukiza kimiminika bila kuchoma jani. Mvutaji anayehamia huko, kwa upande wa ini lake, ameacha kuvuta, ingawa madhara mengine yanabaki. Shisha ni habari tofauti. Maji ya chupani hayachuji hidrokaboni zote, na makaa yanayowekwa juu yake huzalisha zake mwenyewe. Moshi wa bangi nao una kemikali za jamii hiyohiyo na umeonekana kuharakisha uondoaji wa theofilini, dawa inayopita kwenye kimeng'enya kilekile cha ini.

Idadi ya sigara haifuati mstari ulionyooka. Sigara chache kwa siku zinatosha kuamsha sehemu kubwa ya uwezo huu, kwa hiyo anayepunguza kutoka 20 hadi 10 anaweza asione tofauti katika kahawa yake, kisha aione ghafla anapoacha zile za mwisho.

## Dawa zinazopita mlango huohuo

Kwa kafeini hasara huwa ni usiku wa kukesha. Kwa baadhi ya dawa inaweza kuwa ni maisha ya mgonjwa.

Klozapini na olanzapini, dawa zinazotumiwa kutibu skizofrenia, huvunjwa kwa kiasi kikubwa na CYP1A2. Wagonjwa wengi wa maradhi hayo huvuta sigara, na daktari hupanga kipimo cha dawa kulingana na ini lililochangamshwa na moshi. Mgonjwa akilazwa katika wodi isiyoruhusu sigara, dawa ileile huanza kujaa katika damu yake ndani ya wiki moja. Kwa klozapini dalili ni usingizi mzito, mate kutiririka, kizunguzungu, tumbo kufunga, na kiwango kikipanda sana huja degedege. Faber na Fuhr walipendekeza kwamba kwa dawa za namna hii kipimo kipunguzwe kwa takriban asilimia 10 kila siku hadi siku ya nne, na kiwango cha dawa katika damu kipimwe pale inapowezekana. Kahawa nyingi huongeza tatizo, kwa sababu kafeini na klozapini hugombania kimeng'enya kimoja.

Theofilini na aminofilini, dawa za zamani za pumu na maradhi sugu ya mapafu ambazo bado hutumiwa kwa kuwa ni nafuu, zina mpaka mwembamba kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru. Mgonjwa wa mapafu ndiye anayehimizwa kuliko wote aache sigara. Akiacha bila kumweleza anayempa dawa, anaweza kuanza kutapika na moyo kudunda bila mpangilio, na ndugu wakadhani ugonjwa umezidi. Kipimo cha dawa hizi hakibadilishwi na mgonjwa mwenyewe. Kinachotakiwa kwake ni kutoa taarifa siku anayoacha, au, vizuri zaidi, kabla yake.

Zipo hali nyingine zinazopunguza kasi ya kafeini, na zikikutana na kuacha sigara athari hujumlishwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hurefusha nusumaisha hadi karibu mara mbili. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito inaweza kufika saa 15, na kwa hiyo mama aliyeacha sigara kwa ajili ya mimba huguswa kwa pande mbili. Siprofloksasini, dawa ya bakteria inayoandikwa sana kwa maambukizi ya tumbo na njia ya mkojo, huzuia CYP1A2 moja kwa moja kwa muda wote inapotumiwa.

Mtu anayerudi kuvuta huona mambo haya yakienda kinyume. Ndani ya siku chache vimeng'enya huongezeka tena, kahawa huonekana imepoa nguvu, na mgonjwa aliyepunguziwa klozapini wakati alipoacha huweza kurudiwa na maradhi yake kwa kuwa kipimo kipya sasa hakimtoshi.